(1 + 1/n^2)^n inaenda kwa 1 na sio kwa e: fanya hivi, hatua kwa hatua

Kila muhula swali ni lilelile. Mwanafunzi wa S.6, ama yule amefika juzi tu mwaka wa kwanza pale Makerere au Kyambogo, ananitumia picha ya daftari. Limiti ya (1 + 1/n^2)^n wakati n inakua bila mwisho, alafu chini ameandika e na kupiga mistari miwili kabisa, amemaliza. Mwingine ameandika 1, na 1 ndio jibu, lakini ukimuuliza umefikaje hapo anakwambia "ticha, si 1 kwa pawa yoyote ni 1". Kwangu mimi huyu wa pili ana shida kubwa kuliko wa kwanza. Wa kwanza atasahihishwa leo na yataisha, wa pili amepewa vema na ile sababu yake mbovu atatembea nayo mpaka siku swali libadilike kidogo. Kwa hiyo nimeandika yote mahali pamoja, ukiniuliza tena nakutumia hii.

Jibu ni 1. Kazi iliyobaki ni kuonyesha kwa nini, bila kudanganya mahali popote.

Kabla hujaanza

Kuwa na hivi vitu:

- Karatasi na kalamu, na uvumilivu wa kuandika kila mstari, usiruke.
- Kalkuleta yenye kitufe cha pawa. Ya simu pia inafaa, nyingi ukiilaza simu pembeni vile vitufe vya ziada vinatokea.
- Kufungua mabano ya (a + b)^n kwa binomia, ile ya P425 pepa ya kwanza. Tutaigusa mara mbili hivi.
- Kukubali kwamba (1 + 1/n)^n inaenda kwa e, yaani 2.71828 na kuendelea. Hiyo hatuithibitishi leo.

Logi huhitaji. Wengi wanakimbilia logi kwanza, sio dhambi, ila ukianza na logi unapata jibu bila kuona kilichotokea, na kesho unasahau.

Hatua ya 1: Tenganisha vitu viwili

Usiguse limiti bado. Andika pembeni maswali mawili. Ndani ya mabano nimeongeza kiasi gani juu ya 1? Na hayo mabano nimeyazidisha yenyewe mara ngapi?

Kwa (1 + 1/n)^n, nimeongeza 1/n, na nimezidisha mara n.

Kwa (1 + 1/n^2)^n, nimeongeza 1/n^2, na nimezidisha mara n.

Mara ni zilezile, kiasi ndicho kimebadilika. Mtu anayejibu e kwa kawaida hajakosea hesabu yoyote, ni macho tu yamemdanganya, ameona 1 kujumlisha kitu kidogo kisha pawa kubwa akasema aah hii naijua.

Hatua ya 2: Zidisha hivyo viwili

Chukua kiasi mara idadi. Kwa ile ya kwanza ni n × 1/n = 1. Hata n iwe ngapi, unapata 1. Kwa yetu ni n × 1/n^2 = 1/n, na hii inapotea kadiri n inavyokua.

Hapo ndipo siri yote ilipo, kwa hiyo ngoja tuiweke kwenye pesa ndio ikae.

Una shilingi milioni 1, umeiweka kwenye Sacco inayotoa riba ya asilimia 100 kwa mwaka (haipo, ukiambiwa ipo kimbia). Ukilipwa riba mara moja, mwisho wa mwaka una 2,000,000. Ukiomba walipe kila mwezi, 1/12 kila mara, na riba ikae ndani izae riba nyingine, una 2,613,035. Kila siku, 1/365 kila mara, una 2,714,567. Unazidi kupanda lakini ukuta upo kwenye 2,718,282, haupiti. Hili swali la riba ndilo Jakob Bernoulli wa Basel kule Uswisi alilifanyia kazi mwaka 1683, na ndiko hii namba ilikotokea. Herufi e yenyewe alikuja kuiweka Euler baadaye.

Sasa angalia: ukijumlisha malipo yenyewe bila kuhesabu riba juu ya riba, 12 × 1/12 ni 1, na 365 × 1/365 ni 1. Riba ya mwaka mzima ni ileile, wameikata vipande vidogo tu. Kinachokutoa kwenye 2 mpaka 2.718 ni riba kuzaa riba.

Njoo Sacco ya pili. Hii inalipa mara n lakini kila mara inatoa 1/n^2. Ukisema mara 12, kila mara unapata 1/144, jumla ya malipo ni 12/144, yaani 1/12 peke yake. Mwisho wa mwaka una 1,086,591. Unasema ngoja nilipwe kila siku, wanakubali haraka sana, na wewe hujashtuka. Kila siku unapata 1/133,225, jumla ya mwaka mzima ni 1/365, na mwisho una 1,002,743. Kadiri unavyolipwa mara nyingi ndivyo faida inavyokwisha, kwa sababu kila ukiongeza idadi ya malipo, kila lipo linapungua kwa kasi zaidi ya ile idadi inavyoongezeka.

Na ile riba kuzaa riba haikuokoi. Kwa malipo 12, jumla tupu ilikuwa 83,333 na wewe umepata 86,591, kwa hiyo kuzaana kumeleta 3,258. Kwa malipo 365, kuzaana kumeleta shilingi zisizofika 4. Riba inazaa kama kuna kitu cha kuzalia, na hapa hakuna.

Hatua ya 3: Jaribu namba chache kwa mkono wako

Usiniamini mimi, bonyeza kalkuleta. Ya kwanza ni (1 + 1/n)^n, ya pili ni (1 + 1/n^2)^n.

- n = 1: 2 na 2
- n = 2: 2.25 na 1.5625
- n = 5: 2.48832 na 1.21665
- n = 10: 2.59374 na 1.10462
- n = 100: 2.70481 na 1.01005
- n = 1000: 2.71692 na 1.00100

Zote zimeanzia 2, alafu moja inapanda na nyingine inashuka. Ya kwanza haijawahi kushuka na ya pili haijawahi kupanda, kwa hiyo kudhani zinakwenda sehemu moja ni ngumu ukishaiona hii.

Kitu kingine cha kuangalia kwenye ile ya pili: kwa n = 10 ni 1.1 na kidogo, kwa n = 100 ni 1.01 na kidogo. Ni kama 1 + 1/n na nyongeza ndogo sana. Hiyo ndiyo tunaenda kuithibitisha sasa.

Angalizo: hizi namba sio uthibitisho. Kwenye mtihani ukiandika hizi tu umesema "nimeona", hujasema "lazima". Na kuna mahali kalkuleta inadanganya kabisa, nitafika huko.

Hatua ya 4: Weka mpaka wa chini

Tunatafuta namba iliyo chini ya yetu kila wakati. Tutatumia kanuni ya Bernoulli, huyuhuyu wa riba:

(1 + h)^n ≥ 1 + nh, kama h ≥ -1 na n ni namba kamili kuanzia 1.

Kwa lugha ya Sacco inasema riba ikikaa ndani huwezi kupata pungufu ya jumla tupu ya malipo. Uthibitisho ni mistari miwili, usiuogope. Kwa n = 1 pande zote zinalingana. Sasa tuseme ni kweli kwa n fulani, zidisha pande zote kwa (1 + h):

(1 + h)^(n+1) ≥ (1 + nh)(1 + h) = 1 + (n + 1)h + nh^2

Kile nh^2 cha mwisho sio hasi kamwe, kwa hiyo ukikitupa upande wa kulia unapungua ama unabaki vilevile, na umepata kanuni kwa n + 1. Umeona kwa nini tulisema h ≥ -1? Ni ili (1 + h) isiwe hasi, maana ukizidisha kwa hasi ile alama ya ≥ inageuka. Shika hilo, hatua inayofuata tunaweka h iliyo hasi.

Weka h = 1/n^2:

(1 + 1/n^2)^n ≥ 1 + n × 1/n^2 = 1 + 1/n

Mpaka wa chini umepatikana.

Hatua ya 5: Weka mpaka wa juu

Hapa ndipo watu wengi wanakwama, kwa sababu Bernoulli anakupa wa chini tu, sasa wa juu unatoa wapi. Ujanja ni kupindua sehemu. Ukipata mpaka wa chini wa kitu kilichopinduliwa, umepata mpaka wa juu wa kitu chenyewe.

Pindua mabano:

1/(1 + 1/n^2) = n^2/(n^2 + 1) = 1 - 1/(n^2 + 1)

Ipeleke kwenye pawa n na tumia Bernoulli tena, safari hii h = -1/(n^2 + 1). Ni hasi ila haifiki -1, kwa hiyo inaruhusiwa:

(1 - 1/(n^2 + 1))^n ≥ 1 - n/(n^2 + 1) = (n^2 - n + 1)/(n^2 + 1)

Ule upande wa kulia ni chanya daima, kwa sababu n^2 haiwezi kuwa ndogo kuliko n. Pindua pande zote, na ukipindua namba chanya alama inageuka:

(1 + 1/n^2)^n ≤ (n^2 + 1)/(n^2 - n + 1) = 1 + n/(n^2 - n + 1)

Angalizo: usipindue kabla ya kuhakikisha pande zote ni chanya. Wengine wanapindua tu, jibu linatoka, lakini msahihishaji makini atakukata hapo na atakuwa na haki.

Hatua ya 6: Bana katikati

Sasa una:

1 + 1/n ≤ (1 + 1/n^2)^n ≤ 1 + n/(n^2 - n + 1)

Kushoto 1/n inaenda kwa 0. Kulia gawa juu na chini kwa n, unapata 1/(n - 1 + 1/n), chini inakua bila mwisho kwa hiyo nayo inaenda kwa 0. Pande zote mbili zinaenda kwa 1, na yetu imebanwa katikati, haina pa kutokea. Limiti ni 1.

Pima na n = 10. Chini ni 1.1, juu ni 1 + 10/91 ambayo ni 1.10989, na yetu ilikuwa 1.10462. Imo ndani. Kwa n = 100 chini ni 1.01, juu ni 1.0101, yetu ni 1.01005. Kama yako imetoka nje ya mipaka ujue umebonyeza vibaya, na kosa la kawaida ni kuandika 1+1/100^2 bila mabano alafu pawa inashika kipande cha mwisho peke yake.

Hatua ya 7: Tafuta e imeenda wapi

Hii sio lazima kwa jibu, lakini ndiyo inamaliza ubishi, kwa sababu mtu anakwambia sawa nimekubali ni 1, lakini e si ilikuwa humu ndani?

Ilikuwemo kweli, na ungeipata kama pawa ingekuwa n^2. (1 + 1/n^2)^(n^2) ni ileile fomula ya e, umeweka n^2 badala ya n basi. Kwa n = 10 hiyo ni 1.01 kwa pawa 100, na tayari umeiona juu: 2.70481. Sasa sisi hatukupewa pawa 100, tumepewa pawa 10 tu. Kwa hiyo:

(1 + 1/n^2)^n = [ (1 + 1/n^2)^(n^2) ]^(1/n)

Ndani ya mabano makubwa kuna kitu kinachokaribia e, lakini nje kuna 1/n, yaani unachukua kipeuo cha n cha hicho kitu. Kipeuo cha 10 cha 2.70481 ni 1.10462, kipeuo cha 100 cha kitu kama 2.718 ni 1.01005. Kipeuo kinaisaga e mpaka inabaki 1.

Ukitaka kuiandika vizuri, onyesha kwamba kitu cha ndani kinakaa kati ya 2 na 3. Ya 2 ni Bernoulli tena. Ya 3 inatoka kwenye binomia: kipande cha k cha (1 + 1/m)^m, ambapo m ni ile n^2 yetu, hakizidi 1/k!, nayo haizidi 1/2^(k-1), kwa hiyo jumla yote iko chini ya 1 + 1 + 1/2 + 1/4 + ... ambayo ni 3. Basi yetu iko kati ya kipeuo cha n cha 2 na kipeuo cha n cha 3, na vyote viwili vinaenda kwa 1. Mimi binafsi naipenda hii kuliko ya Hatua ya 5, inaeleza zaidi, ila ya 5 haihitaji kujua chochote kuhusu e, kwa hiyo kwenye mtihani chagua unayoweza kuiandika bila kutetemeka.

Ikikwama

*Nimepata 1 lakini nimekatwa maksi.* Angalia kama umeandika kwamba ndani inaenda kwa 1, na 1 kwa pawa yoyote ni 1. Ukikubali hiyo, basi (1 + 1/n)^n nayo ni 1, kwa sababu ndani yake pia inaenda kwa 1. Shida ni kwamba umeruhusu n ya ndani ikimbie mpaka mwisho huku n ya pawa umeishikilia nje inasubiri, na hizo ni n moja, zinatembea pamoja. Wakati ndani iko kwenye 1.0001 pawa iko kwenye 100, na hakuna wakati hata mmoja ndani inakuwa 1 kamili. Limiti ya namna hii inategemea nani anakimbia kuliko mwenzake, ndio maana Hatua ya 2 inauliza kuhusu kiasi mara idadi.

*Nimefungua binomia, kila kipande baada ya 1 kinaenda kwa 0, nikaandika basi jumla ni 1.* Karibu, lakini bado. Idadi ya vipande nayo inakua pamoja na n, na vitu vidogo vikiwa vingi vinaweza kufanya kikubwa, si ndivyo 1/n mara n ilivyofanya 1? Unatakiwa uvizuie vyote kwa pamoja. Kipande cha k hapa hakizidi 1/n^k, kwa hiyo jumla haizidi 1 + 1/n + 1/n^2 + ..., na hiyo kwa n kuanzia 2 ni n/(n - 1). Weka huo mstari mmoja na uthibitisho wako umekamilika, hata Hatua ya 5 unaweza kuiacha.

*Kalkuleta imenipa 1 kamili.* Jibu la kweli haliwi 1 kamili kamwe, liko juu ya 1 + 1/n. Kilichotokea ni kwamba mashine inahifadhi tarakimu chache, na ukishaweka n kubwa sana ile 1/n^2 inamezwa, 1 + 1/n^2 inakuwa 1 kabla hata pawa haijaanza. Kwa mwenye Python jaribu:

```python
n = 10**8
print((1 + 1/n**2)**n)
n = 10**15
print((1 + 1/n)**n)
n = 10**16
print((1 + 1/n)**n)
```

Mstari wa kwanza unatoa 1.0 na ukweli ni 1.00000001. Wa pili unatoa kama 3.035, namba ambayo (1 + 1/n)^n haiwezi kufika hata siku moja. Wa tatu unatoa 1.0, yaani kompyuta inakwambia limiti ya (1 + 1/n)^n ni 1! Ni kosa lilelile la mwanafunzi wetu wa mwanzo, mashine imefanya ndani kwanza ikapata 1, alafu ikapandisha 1 kwa pawa. Kwa hiyo usifurahi kompyuta ikikupa 1 kwenye swali letu na n kubwa, ingekupa 1 hata kama jibu lingekuwa lingine. Baki na n isiyozidi 10,000 hivi kwa kalkuleta. Ukitaka kubwa zaidi kwenye Python tumia log1p, ambayo inahesabu logi ya 1 + x bila kuimeza x:

```python
import math
n = 10**8
print(math.exp(n * math.log1p(1/n**2)))
```

Hapo utaiona ile 1 mwishoni, nafasi ya nane baada ya nukta.

*Swali limebadilishwa, sijui nianzie wapi.* Rudi Hatua ya 2, kiasi mara idadi, ukihakikisha kwanza kiasi chenyewe kinaenda kwa 0. Ikitoka inaenda kwa 0, limiti ni 1. Ikienda kwa namba c, limiti ni e kwa pawa c. Ikikua bila mwisho, limiti nayo haina mwisho. Kwa hiyo (1 + 5/n^2)^(n^2) ni e^5, (1 + 1/n^2)^(n^3) inalipuka, na (1 + 1/n + 1/n^2)^n ni e, kwa sababu n mara (1/n + 1/n^2) ni 1 + 1/n. Hii ya mwisho inapendwa sana kuwekwa kama mtego, watu wanaona 1/n^2 wanaandika 1, na hapo 1/n^2 haina kazi yoyote, 1/n ndiyo inabeba mzigo.

*Na ikiwa ni (1 - 1/n^2)^n?* Kiasi mara idadi ni -1/n, inaenda kwa 0, limiti ni 1. Bernoulli anakupa mpaka wa chini 1 - 1/n, na wa juu ni 1 yenyewe bila kazi. Lakini kuna njia tamu zaidi, 1 - 1/n^2 ni (1 - 1/n)(1 + 1/n), kwa hiyo swali lako ni (1 - 1/n)^n mara (1 + 1/n)^n. Kwa n = 10 hizo ni 0.34868 na 2.59374, zidisha unapata 0.90438, na 0.99 kwa pawa 10 ni hiyohiyo. Moja inaenda kwa 1/e, nyingine kwa e.